Vifaranga Sitini na Magunia Matatu

Ukiingiza mkono ndani ya tenga la vifaranga, wa kwanza kukamatika ni wale waliozubaa. Wachangamfu hukimbilia kona ya mbali na kukaa huko mpaka mwisho. Jambo hili liliharibu jaribio la kwanza la chakula cha kuku nililosimamia chuoni. Wanafunzi walijaza kizimba cha kwanza, wakaja cha pili, kisha cha tatu, na kila kizimba kilikuwa na chakula chake. Baada ya mwezi, kizimba cha tatu kiliongoza kwa mbali. Tulikuwa tumelisha vifaranga dhaifu chakula kimoja na wenye nguvu chakula kingine, tukadhani tumepima chakula.

Tangu hapo naanza somo hili kwenye kura, hata kabla ya kugusa pumba. Nitaeleza jaribio kama linavyoweza kufanywa na darasa la ufugaji katika chuo cha ufundi mkoani Singida, kwa sababu Singida ni nchi ya alizeti. Baada ya kukamua mafuta hubaki mashudu, na mfugaji wa huko huyapata karibu na kwake. Dagaa humjia kwa lori kutoka Mwanza, na bei yake humfanya afikirie mara mbili. Basi swali la jaribio ni hili: kifaranga akilishwa nafaka na mashudu matupu, atakua sawa na yule aliyeongezewa dagaa? Na je, dagaa anarudisha pesa yake?

Kanuni ya kwanza ni kwamba michanganyiko miwili inayolinganishwa iwe na protini sawa kwenye hesabu. Vinginevyo mmoja utashinda kwa kuwa na protini nyingi, na hatutajua kama dagaa mwenyewe ana kazi gani. Tuseme tunataka asilimia 18, kiwango kinachowafaa vifaranga chotara. Mahindi yaliyoparazwa pamoja na pumba zake tuyahesabie asilimia 10, mashudu 28 na dagaa mkavu 55. Hivi ni viwango vya kukadiria, kwani mashudu ya mashine moja hayafanani na ya nyingine.

Kwa mashudu matupu hesabu huenda hivi. Kutoka 18 ya lengo hadi 28 ya mashudu pana hatua 10, na hizo ndizo sehemu za nafaka. Kutoka 10 ya nafaka hadi 18 pana hatua 8, na hizo ndizo sehemu za mashudu. Kwa hiyo kilo 10 za nafaka kwa kilo 8 za mashudu hutoa chakula cha asilimia 18. Katika mchanganyiko wa pili tunachukua mashudu sehemu mbili na dagaa sehemu moja, ambavyo kwa pamoja vina asilimia 37. Ukirudia hesabu ileile unapata kilo 19 za nafaka kwa kilo 8 za huo mseto. Dagaa hapo ni kama sehemu moja ya kumi ya chakula chote.

Kwenye karatasi vyakula hivi ni ndugu. Tumboni mwa kifaranga vinaachana. Mashudu ambayo mbegu zake hazikubanguliwa yana maganda mengi, na kifaranga hana tumbo la ng'ombe la kusaga nyuzinyuzi. Anashiba kabla hajapata nguvu anayohitaji. Tena protini ya alizeti ina upungufu wa laisini, kiungo ambacho kifaranga hawezi kukitengeneza mwenyewe na ambacho bila hicho nyama haijengeki. Dagaa ana laisini kwa wingi. Ana pia mifupa, yaani chokaa na fosforasi, na hapa mwalimu inabidi awe mkali: mchanganyiko wa mashudu matupu uongezewe unga wa mifupa, ili tofauti itakayoonekana isije ikawa ni ya mifupa tu.

Gunia la tatu ni chakula cha kuanzia kinachouzwa dukani, nacho ni kipimo cha kulinganishia. Soma lebo yake kwanza. Vyakula vingi vya vifaranga vya viwandani hutiwa dawa ya kuzuia koksidiosi, ule ugonjwa wa kuhara damu. Kama gunia lina dawa na michanganyiko ya chuoni haina, kifaranga wa dukani anaweza kunenepa kwa sababu ya dawa. Ama utafute gunia lisilo na dawa, ama vifaranga wote wapewe kinga ileile.

Dagaa naye achunguzwe kabla ya kusagwa, maana aliyeanikwa ufukweni huja na mchanga. Pima kilo moja, itie kwenye ndoo ya maji, koroga, acha itulie, kisha mimina na ukaushe kilichobaki chini. Ukikuta robo kilo ya mchanga, dagaa wako si wa asilimia 55 tena bali 41, na mchanganyiko wote umeshuka chini ya asilimia 17 bila mtu kujua. Onja pia. Dagaa wa chumvi huwafanya vifaranga wanywe maji kupita kiasi na kinyesi kuwa majimaji, na maranda yakilowa magonjwa hayako mbali.

Sasa turudi kwenye kura. Tuna vifaranga 60 wa siku saba, wa totoo moja, waliolelewa kwenye bruda moja kwa chakula kimoja. Banda limegawanywa vizimba 12, kila kimoja vifaranga watano. Wanafunzi wengi huuliza kwa nini tusiwe na vizimba vitatu vikubwa vya vifaranga ishirini ishirini, kazi ikawa nyepesi. Ni kwa sababu vifaranga wa kizimba kimoja wanashiriki kila kitu: joto, upepo, chombo cha maji, hata yule mmoja mkorofi anayewadonoa wenzake. Wakikua vizuri wote ishirini, huwezi kusema umeshuhudia mara ishirini. Umeshuhudia mara moja. Vizimba vinne kwa kila chakula ni ushahidi wa mara nne.

Vizimba hivyo vipangwe katika safu nne kufuata hali ya banda: safu ya mlangoni, mbili za katikati, na ya ukutani kwenye joto. Kila safu ipate vyakula vyote vitatu, na kura iamue kipi kinakwenda wapi. Vifaranga nao wagawanywe kwa kura, kisha kila kizimba kipimwe uzito ili kuhakikisha vinaanza karibu sawa. Vyombo viandikwe A, B na C. Anayepima asijue herufi ipi ni ya dagaa, kwa sababu jicho linalotarajia ushindi husoma mizani kwa upendeleo.

Kwa wiki nne zinazofuata kazi ni kupima. Chakula kinapimwa kinapoingia, mabaki yanapimwa asubuhi, na kila baada ya siku saba vifaranga wa kizimba hupimwa pamoja ndani ya ndoo, saa ileile, kabla hawajala. Makosa makubwa yamejificha kwenye mabaki. Kifaranga huparua, na chakula kilichomwagika kwenye maranda huhesabiwa kama kimeliwa. Dawa yake ni kujaza chombo theluthi tu, kuinua ukingo wake ufike usawa wa mgongo wa kifaranga, na kutandika kiroba chini ili kuokota kilichomwagika. Angalia pia mabaki yenyewe. Ukikuta maganda ya alizeti matupu, ujue vifaranga wanachambua, na walichokula sicho ulichochanganya. Saga laini zaidi.

Kifaranga akifa, andika siku na uzito wake. Tuseme kizimba kimepoteza mmoja siku ya 10 kati ya siku 28, na kimekula kilo 4. Ukigawa kwa wanne waliobaki, kila mmoja ameonekana kula karibu gramu 36 kwa siku. Lakini marehemu naye alikula siku 10. Wanne kwa siku 28 ni siku 112, ongeza 10 zake, unapata 122. Gawa kilo 4 kwa 122, unapata gramu 33.

Namba ninazotumia sasa nimezitunga kuonyesha jinsi ya kusoma matokeo. Darasa litaandika zake. Kila kifaranga wa mashudu matupu, kwa wastani, ameongezeka gramu 210, wa dagaa 350, wa dukani 400. Vizimba vya mashudu matupu viko kati ya 200 na 220, na vya dagaa kati ya 335 na 360. Haviingiliani hata kidogo, kwa hiyo hapo hakuna ubishi. Kati ya dagaa na dukani mambo si wazi hivyo. Vizimba vya dukani vimepata 355, 430, 405 na 410, na hiyo 355 iko chini ya baadhi ya vizimba vya dagaa. Hapa ndipo safu zinapolipa. Hiyo 355 ni ya mlangoni, penye baridi, na jirani yake wa dagaa kwenye safu hiyohiyo amepata 335. Ukilinganisha safu kwa safu, chakula cha dukani kimetangulia mara zote nne, kwa gramu 20, 70, 60 na 50. Tofauti ipo, ila ni ndogo kuliko ile ya mashudu, na kwa safu nne tu ningesema hivyo kwa tahadhari.

Kisha inakuja pesa. Tuseme ili kuongeza kilo moja ya uzito, vifaranga wa dukani wamekula kilo 2.4 za chakula, wa dagaa 2.6, wa mashudu matupu 4. Kilo ya chakula ni shilingi 1,600 dukani, 1,100 ikiwa na dagaa, na 730 bila dagaa. Zidisha. Kilo ya kuku imegharimu shilingi 3,840 kwa chakula cha dukani, 2,860 kwa cha dagaa, na 2,920 kwa mashudu matupu. Chakula kilichoonekana rahisi kuliko vyote sokoni kimeishia kulingana na cha dagaa, na kimewaacha vifaranga nyuma kwa gramu 140 kila mmoja. Kwa mwendo wao wa gramu saba na nusu kwa siku, pengo hilo ni zaidi ya wiki mbili za mkaa, maji na hofu ya kideri.

Hesabu hiyo inasimama juu ya bei ya dagaa, na bei ya dagaa haitulii. Wavuvi wa Ziwa Victoria humvua usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazimvuti, na mzigo hupungua. Katika mfano wetu, mchanganyiko wa dagaa ukipanda kutoka shilingi 1,100 hadi kama 1,123 kwa kilo, faida yake ya chakula juu ya mashudu matupu imekwisha, na kinachobaki kuutetea ni zile wiki mbili. Kwa hiyo darasa linalofuata lingefanya vizuri kuacha gunia la mashudu matupu na kuweka mahali pake mchanganyiko wenye nusu ya dagaa, protini ikibaki 18, waone kifaranga atapoteza gramu ngapi.