Herufi Arobaini na Sita Zisizoamua Kitu

Mwalimu anayepanga karatasi za mtihani wa kidato cha nne hasomi namba nzima ya mtahiniwa. Namba hiyo huanza na herufi S, zinafuata tarakimu nne za kituo, mkwaju, kisha tarakimu nne za mwanafunzi mwenyewe. Karatasi zote zilizo mezani ni za shule moja, kwa hiyo sehemu ya mbele ni ileile kwa kila mtoto. Baada ya karatasi ya pili au ya tatu jicho lake linajifunza kuruka mpaka kwenye tarakimu mbili za mwisho, na mikono inakwenda mbio.

Kompyuta hairuki. Ukiipa maandishi mawili na kuiuliza lipi litangulie, inaanza na herufi ya kwanza ya hili na ya kwanza ya lile. Zikilingana inakwenda ya pili, kisha ya tatu, hadi ifike mahali zinapotofautiana. Ukiirudishia swali hilo dakika hiyohiyo, itaanza upya kwenye herufi ya kwanza. Haikumbuki kwamba imeshapita hapo.

Tuchukue mfano tuuhesabu mpaka mwisho. Tuseme kuna hifadhi ya magazeti ya zamani yaliyopigwa skani, kurasa milioni moja, na kila ukurasa ni faili lenye jina la namna hii:

```
/hifadhi/magazeti/skani/dar-es-salaam/ukurasa-482915.jpg
/hifadhi/magazeti/skani/dar-es-salaam/ukurasa-482917.jpg
```

Namba za kurasa zinaanzia 000000 na kuishia 999999, na orodha imevurugika. Hesabu herufi kuanzia mkwaju wa kwanza hadi kistari kilicho mbele ya namba: ni 46. Hizo ni zilezile katika majina yote milioni. Tofauti yote imo ndani ya tarakimu sita zinazofuata. Kwa majina haya mawili yaliyo hapo juu, kompyuta inalinganisha herufi 46 zinazofanana, tarakimu tano zinazofanana, na ya 52 ndiyo inayotoa hukumu: 5 inatangulia 7.

Sasa, hukumu kama hiyo inatolewa mara ngapi? Mbinu moja inayotumika sana ni kupanga kwa kuunganisha. Majina yanapangwa mawili mawili, kisha jozi zinaunganishwa kuwa mafungu ya manne yaliyopangika, kisha manane, kumi na sita, hadi libaki fungu moja. Ukianza na moja ukaongeza maradufu mara 20, unapita milioni kidogo, kwa hiyo kazi yetu ina mizunguko 20. Kila mzunguko unahitaji ulinganishaji usiofika milioni moja, na ukijumlisha yote unapata karibu milioni 19. Hesabu hii haijali kama unapanga namba au majina. Kurasa zilezile, zikiwa zimevurugika vilevile, zitahitaji ulinganishaji uleule hata ukizipanga kwa namba tupu.

Kinachobadilika ni bei ya kila ulinganishaji. Namba hizo zikiwa zimehifadhiwa kama namba halisi, kila moja inakaa katika baiti 8 au pungufu, na prosesa inalinganisha mbili kwa amri moja. Haijalishi ni 7 na 900,000 au 482,915 na 482,917, hatua ni moja tu. Kwa hiyo kazi nzima ni hatua milioni 19 za kulinganisha.

Kwa majina, kila ulinganishaji unapita kwanza herufi 46 zisizoamua kitu. Kisha zinakuja tarakimu, na idadi yake inategemea kazi imefika wapi. Mwanzoni, mafungu yakiwa madogo, majina yanayokutana yametoka huku na huku, na mara nyingi tarakimu ya kwanza inatosha. Lakini kadiri mafungu yanavyokua, jirani anazidi kufanana na jirani. Katika mzunguko wa mwisho unaunganisha mafungu mawili ya nusu milioni, na karibu kila mara zinazokutana ni kurasa za kufuatana, kwa hiyo lazima ufike tarakimu ya sita au ya tano. Wastani wa mizunguko yote ni kama tarakimu nne. Ndiyo kusema kila ulinganishaji unakula herufi 50 hivi, na mara milioni 19 hiyo ni herufi milioni 950. Katika hizo, zilizosaidia kuamua ni milioni 76 tu. Zilizobaki, zaidi ya milioni 870, ni kusoma folda ileile, Dar es Salaam ileile, tena na tena. Na kwa kuwa kila ulinganishaji unahusisha majina mawili, kila jina limesomwa mwanzo wake mara 38 hivi kabla ya kupata nafasi yake.

Wengi wakisikia haya hudhani tatizo ni urefu wa maandishi. Sivyo. Maandishi mawili ya herufi elfu moja, moja likianza na A na jingine na M, yanaamuliwa kwa hatua moja. Chukua maneno milioni yaliyotungwa kwa kubahatisha kutoka herufi 26. Herufi nne za mwanzo zinatoa mafungu 456,976 tofauti, kwa hiyo hata majirani kwenye orodha iliyopangika kwa kawaida wanaachana kwenye herufi ya nne au ya tano. Orodha ya maneno kama hayo haitakusumbua hata kila moja likijaza ukurasa. Kinachogharimu ni mwanzo wa pamoja, urefu wa ile sehemu unayolazimika kupita kabla ya kuona tofauti.

Lazima niseme pia kwamba herufi 50 hazifanyi kazi kuwa ndefu mara hamsini. Prosesa za siku hizi zinaweza kulinganisha baiti 16 au 32 kwa mkupuo, kwa hiyo herufi 50 zinakuwa mikupuo minne au miwili. Lakini kuna gharama nyingine isiyoonekana ukihesabu herufi peke yake, nayo ni safari ya kwenda kuzichukua. Namba milioni moja zinakaa mstari mmoja kwenye kumbukumbu, baiti 8 kila moja, jumla baiti milioni 8. Prosesa inapochota haichoti namba moja, inachota kipande cha baiti 64, na humo zimo namba nane. Saba zinazofuata zimekuja bila malipo.

Majina hayakai hivyo. Katika programu nyingi kinachopangwa ni orodha ya anwani tu, na kila anwani inaelekeza mahali jina lenyewe lilipo. Kila ulinganishaji unadai kufuata anwani mbili hadi sehemu mbili zisizohusiana. Jina lisipokuwemo katika ile kumbukumbu ndogo iliyo jirani na prosesa, linafuatwa kwenye kumbukumbu kuu, na safari moja inaweza kufika nanosekunde 100, wakati kulinganisha kwenyewe hakufiki nanosekunde moja. Hapa mwanzo mrefu unaumiza mara ya pili: jina letu lina herufi 56, na tarakimu zinazoamua ziko nafasi ya 47 hadi 52. Jina lisipoanza sawasawa na kipande cha baiti 64, mara nyingi mwanzo unaangukia kipande kimoja na tarakimu kipande kingine. Prosesa imechota kipande cha kwanza, imekuta maneno yaleyale, sasa inachota cha pili.

Wataalamu wamejaribu kuyapa majina mwendo wa namba. Hifadhidata ya PostgreSQL, tangu toleo la 9.5 lililotoka mwaka 2016, inaweza kuchukua baiti 8 za mwanzo za kila andishi na kuzifanya namba moja. Inalinganisha namba hizo kwanza, na zikitofautiana haifungui andishi lenyewe. Kwa orodha ya majina ya watu ujanja huu unafaa sana. Kwa orodha yetu, baiti 8 za mwanzo ni `/hifadhi`, basi. Majina yote milioni yanapata namba moja. Waliotengeneza mbinu hii waliliona hilo, wakaiwekea kipimo: kazi ikiendelea, programu inakadiria kuna namba ngapi tofauti, na ikiona faida haipo inaiacha mbinu na kurudi kulinganisha maandishi yenyewe.

Dawa inayogusa chanzo ni kutoruhusu herufi iliyokwisha kusomwa isomwe tena. Mwaka 1997 Jon Bentley na Robert Sedgewick walichapisha mbinu inayofanya hivyo. Unachagua herufi moja ya kupimia, halafu unayagawa maandishi mafungu matatu kwa kutazama nafasi moja tu: yenye herufi ndogo kuliko hiyo, yenye herufi hiyohiyo, na yenye kubwa kuliko hiyo. Fungu la kati linahamia nafasi inayofuata, na ile ya nyuma haiguswi tena. Kwenye orodha yetu, nafasi 46 za mwanzo zinatupa kila kitu fungu la kati. Hiyo ni milioni 46, kila herufi imetazamwa mara moja. Kisha kazi halisi ya tarakimu inaanza, na jumla yote inabaki chini ya milioni 100 badala ya 950.

Kama una orodha inayokuchosha na unashuku mwanzo wa pamoja, pima. Kwenye Linux, panga orodha nzima, kisha panga tena ukiwa umekata herufi 46 za mbele:

```
time LC_ALL=C sort orodha.txt > /dev/null
time cut -c47- orodha.txt | LC_ALL=C sort > /dev/null
```

`LC_ALL=C` inaiambia programu ilinganishe baiti kwa baiti. Bila hiyo inaweza kufuata kanuni za alfabeti za lugha uliyoichagua, ambazo ni ghali zaidi, na utakuwa unapima vitu viwili kwa pamoja. Sehemu ya muda utakaouona ni ya kusoma faili. Ila mfuatano wa mistari ni uleule, kwa hiyo muda ukishuka, umeshuka kwa sababu kila mstari na kila ulinganishaji umekuwa mfupi.

Kukata huku kunafaa kwa masharti mawili. La kwanza ni zile sifuri za mbele. Ukurasa wa 9 ukiandikwa `9` badala ya `000009`, maandishi yataweka 10 mbele ya 9, kwa kuwa herufi 1 inatangulia herufi 9. Namba za watahiniwa huandikwa 0001, 0002, na kwa mtindo huo mfuatano wa maandishi na wa namba unakuwa mmoja. Sharti la pili ni kwamba mwanzo uwe uleule kweli, katika kila mstari. Faili moja la Mombasa likijipenyeza kwenye orodha, herufi ya 47 haitakuwa tena mwanzo wa namba, na ukurasa huo utapangwa kwa kipande cha jina kilichokatwa vibaya. Kabla ya kukata, linganisha kila mstari na ule wa kwanza na uandike mahali pa mapema zaidi panapotofautiana. Ni kupita orodha mara moja tu, milioni 46 na ushei. Kama panatokea kabla ya 47, gawa orodha kwa folda kwanza, kila folda rundo lake, halafu kata.