Mtoto Anayehara Anywe Zaidi: Jinsi ya Kusahihisha Imani Bila Kuahidi Miujiza

Mtoto anayehara anahitaji kunywa zaidi kuliko siku ambazo ni mzima, na anahitaji kuendelea kula na kunyonya. Kinachomuua mtoto wa namna hiyo, mara nyingi, ni maji na chumvi anazopoteza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kuhara bado kunaua zaidi ya watoto 400,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka, na wengi wao wangepona kwa kitu kinachochanganywa nyumbani kwa jagi na kijiko.

Tumetanguliza ukweli huo kwa makusudi. Mhudumu wa afya anayesimama mbele ya akina mama kliniki na kuanza na maneno "Wengine husema mtoto akihara asipewe maji" amekwisha kuipanda imani anayotaka kuing'oa. Mama aliyekuwa akimtuliza mtoto wake benchi la nyuma huenda akasikia sehemu hiyo tu. Mwaka 2020 watafiti wa kundi kubwa wanaochunguza jinsi habari potofu zinavyoenea walitoa mwongozo wa kuzisahihisha, na mpangilio wanaoupendekeza ni rahisi: anza na ukweli, itaje imani potofu mara moja, eleza kwa nini inapotosha, kisha urudie ukweli. Mpangilio huo unafaa sana hapa, lakini ugumu wa somo la kuhara uko mahali pengine. Uko katika kile mwelimishaji anachoahidi.

Tuanze na imani yenyewe. Mama anayemnyima mtoto maji ana ushahidi wa macho yake. Alimpa kikombe cha maji, na kabla ya robo saa mtoto akachafua nepi. Akamnyima, na kinyesi kikapungua. Bibi wa mtoto naye aliyaona hayohayo alipolea watoto wake, kwa hiyo neno lake lina uzito nyumbani. Mwelimishaji akisema "hayo si kweli", atakuwa ameyakana mambo ambayo kila mtu katika chumba ameyaona.

Ni kweli kwamba kitu kikiingia tumboni, utumbo mpana huamka na kusukuma kilichomo. Hutokea hivyo kwa watu wazima pia baada ya kifungua kinywa. Ni kweli vilevile kwamba mtoto asiyekunywa anaweza kutoa choo kidogo. Lakini choo hicho kidogo si dalili ya kupona, kwa sababu mwili uliopungukiwa maji hauna tena kingi cha kutoa. Kuhara kunaonekana kukauka wakati anayekauka ni mtoto. Mama akielezwa hivyo, haambiwi kuwa macho yake yalimdanganya. Anaonyeshwa kwamba alichokiona kilikuwa na maana nyingine.

Baada ya hapo ndipo ORS inapoingia, yaani ule unga wa pakiti wenye chumvi na sukari maalumu iitwayo glukosi. Ukuta wa utumbo una mlango ambapo glukosi na chumvi huingia pamoja, na maji hufuata nyuma yao. Kuhara hata kuwe kukali, mlango huo kwa kawaida huendelea kufanya kazi. Maji matupu hayaupiti vizuri, na soda au juisi yenye sukari nyingi huvuta maji yatoke mwilini na kuongeza kuhara. Ndiyo maana vipimo vya pakiti havibadilishwi kwa ladha.

Nguvu ya mchanganyiko huu ilionekana wazi mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India. Kipindupindu kilienea na dripu zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa wagonjwa chumvi na glukosi zilizochanganywa na maji, wakinyweshwa na ndugu zao wenyewe. Vifo, ambavyo vilikuwa vimefikia takriban 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4.

Kisa kama hicho ndicho kinachomponza mwelimishaji. Akishakisimulia, ulimi unateleza: "ORS inatibu kuhara." Akina mama wanaitikia, wanapewa pakiti, wanaenda nyumbani. Siku ya pili mtoto bado anahara mara sita. Mama anaona dawa imeshindwa. Anaiacha, anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya kufunga tumbo ambavyo watoto hawapaswi kupewa, na mara nyingine anarudi kwenye ushauri wa kumnyima maji. Bahati mbaya, ORS haikushindwa. Ilipewa kazi isiyo yake. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi mwilini wakati ugonjwa unapita, na kwa watoto wengi kuhara kwa ghafla hupita ndani ya wiki moja.

Bangladesh yenyewe ilijifunza jambo hili mapema. Shirika la BRAC lilianza mwaka 1980 kupita nyumba kwa nyumba likiwafundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari, na kufikia mwaka 1990 lilikuwa limezifikia kaya zaidi ya milioni 12. Wafanyakazi walilipwa kulingana na kiasi ambacho akina mama walikuwa bado wanakikumbuka msimamizi alipokuja baadaye kuwauliza. Hata hivyo, kukumbuka hakukutosha. Akina mama wengi waliweza kueleza vipimo bila kukosea lakini hawakuvitumia mtoto alipougua, na baadhi ya wafundishaji wenyewe walikuwa wakitumia dawa nyingine walipohara. Watu hutambua upesi kama mtu anayewafundisha anakiamini anachokisema.

Ahadi ya kweli basi isikike vipi? Huu ni mfano wa maneno ambayo mhudumu anaweza kuyatumia kwa dakika mbili, kwa sauti ya kawaida:

"Mama zangu, mtoto akihara, mpe maji zaidi. Mpe ORS kila anapoharisha, endelea kumnyonyesha, na chakula asinyimwe. Najua wengi tumeambiwa kwamba maji yanazidisha kuhara, na kweli mtoto anaweza kutoa choo mara tu akinywa. Choo hicho kingetoka hata hivyo. ORS haitafunga tumbo leo wala kesho. Inamlinda asikaukiwe na maji hadi kuhara kutakapopita. Kwa hiyo mpe maji zaidi, na mwangalie mtoto mwenyewe kuliko kuhesabu nepi."

Sentensi ya "haitafunga tumbo" ndiyo nguzo ya somo zima. Inaonekana kama inaipunguzia ORS sifa, lakini ndiyo itakayomfanya mama aendelee kuitoa siku ya tatu.

Uangalifu huohuo unahitajika kwa vidonge vya zinki, vinavyotolewa pamoja na ORS. Mwaka 2004, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Ukisema "zinki inakausha kuhara", umezidisha. Utafiti uliojumuisha majaribio mengi umeonyesha kwamba kwa watoto waliozidi miezi sita zinki hupunguza muda wa kuhara kwa takriban nusu siku, na kwa wenye dalili za utapiamlo, kwa takriban siku nzima. Wengine huitapika. Mwambie mama: "Inaweza kumsaidia apone mapema kidogo, na umalizie vidonge hata kama kuhara kumekoma." Hilo linatosha.

Sasa tumchukue mtoto wa mwaka mmoja na nusu anayehara mara sita kwa siku, lakini bado anacheza na kunywa. Mama ananawa mikono, anasoma pakiti kujua inataka maji kiasi gani, kwa kuwa nyingi ni za lita moja lakini zipo za nusu lita. Kwa pakiti ya lita moja, chupa mbili za maji za nusu lita zinampa kipimo sahihi. Ile chupa kubwa ya lita moja na nusu itaufanya mchanganyiko uwe mwepesi mno. Akipunguza maji, chumvi itazidi, na hiyo ni hatari zaidi. Haongezi sukari, wala hachemshi baada ya kuchanganya. Kila baada ya kuharisha anampa mililita 50 hadi 100, yaani robo hadi nusu ya kikombe kikubwa, kwa kijiko cha chai kila dakika moja au mbili. Kwa siku nzima hiyo ni mililita 300 hadi 600, kwa hiyo pakiti moja inatosha na kubaki. Inayobaki baada ya saa 24 inamwagwa. Mtoto akitapika, mama anasubiri kama dakika 10, kisha anaendelea polepole zaidi.

Anachokiangalia ni mtoto. Ulimi una unyevu, mkojo unatoka, anatazama na kucheza: maji yanatosha, hata kama nepi ni nyingi. Macho yakiingia ndani, akinywa kwa pupa ya kiu kali au akishindwa kunywa, akilegea, au ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi taratibu, apelekwe kituo cha afya mara moja huku akiendelea kupewa ORS njiani kama anaweza kunywa. Apelekwe pia akiharisha damu, akitapika kila kitu, akiwa na homa kali, au kuhara kukiendelea bila nafuu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali asisubirishwe nyumbani kabisa, kwa sababu kiasi chake cha maji hupangwa na mtaalamu. Mwelimishaji asiyeitaja mipaka hii amefundisha nusu ya somo.

Mwishoni, swali "Mmeelewa?" halipimi chochote, kwa kuwa jibu lake ni "Ndiyo" siku zote. Swali linalopima ni hili: "Dada, bibi nyumbani akikuambia uache kumpa maji kwa kuwa bado anahara, utamjibu nini?" Akijibu, "Nitamwambia inafunga tumbo," somo lirudiwe. Akisema, "Nitamwambia haifungi tumbo, inamlinda mtoto asikauke," ameelewa. Nawe mwelimishaji, kabla ya kuwapa akina mama ahadi yoyote, jiulize kama itakuwa bado ni kweli nyumbani kwao siku ya tatu.