Nani Amsomee Alimah Barua?

Umewahi kumsomea nyanya ujumbe wa simu? Pesa zimeingia, anakunyooshea simu, unamsomea kiasi na jina la aliyetuma. Kwa dakika hiyo moja, siri ya nyanya iko mdomoni mwako. Shika hilo, kwa maana hadithi ya leo inazunguka hapo hapo.

Riwaya yenyewe ni ya kweli. Inaitwa Aqoondarro Waa u Nacab Jacayl, yaani kutojua ni adui wa mapenzi. Iliandikwa na Faarax M. J. Cawl, tamka Farah Aul, ikatoka mwaka wa 1974. Miaka miwili tu kabla yake, mwaka wa 1972, Kisomali kilikuwa kimepata rasmi maandishi yake ya herufi za Kilatini. Hii ni miongoni mwa riwaya za kwanza kabisa kuandikwa kwa maandishi hayo. Lakini Cawl hakuanza patupu. Alijenga kitabu juu ya kisa ambacho Wasomali walikuwa wakisimuliana miaka mingi, pamoja na mashairi yake.

Kwa ufupi ni hivi. Mwanzoni mwa karne ya 20, enzi za Madarwishi wa Sayid Mohamed Abdulle Hassan, msichana aitwaye Awrala anasafiri kwa jahazi kutoka Aden. Humo anakutana na kijana shujaa, Alimah, na moyo unanasa. Baadaye anamwandikia barua ya mapenzi. Shida ni kwamba Alimah hajui kusoma. Barua inabidi ipite kwa msomaji mwingine, na siri inatoka nje. Awrala anaozwa kwa mtu asiyempenda, na mapenzi yale yanaishia kaburini.

Sasa twende Masalani, kule Ijara, kusini mwa Garissa, karibu na Mto Tana. Mzee wetu huyu ni wa kubuni, na watoto wake pia, lakini mji unaujua: nyumbani Kisomali, sokoni Kiswahili, kwenye mtihani Kiingereza. Mzee hana kitabu mkononi. Alisomewa riwaya zamani, akaihifadhi kichwani. Jioni mbuzi wamefungiwa, watoto wameketi mkekani.

"Sheeko sheeko!" anaita.

"Sheeko xariir!" wanajibu. Hadithi ya hariri. Ni kama paukwa na pakawa yetu.

Mzee anasimulia mpaka jahazi, mpaka barua, mpaka harusi ya lazima. Awrala anapokufa, kelele zinaanza.

"Awowe, hapana!" anasema msichana mmoja. Awowe ni babu. "Huo mwisho hatuutaki. Tubadilishe."

Pengine unadhani mzee atakasirika. Wala. Katika masimulizi ya Kisomali, hadithi ya maneno ya kawaida ina nafasi ya kupanuka na kufupika. Kila msimulizi ana yake. Shairi ndilo halichezewi. Linahifadhiwa neno kwa neno, na anayelighani hutaja kwanza jina la aliyelitunga. Tena katika aina nyingi za mashairi ya Kisomali, sauti moja ya mwanzo wa neno inarudi mstari baada ya mstari, kwa hiyo ukichomeka neno lako, wasikilizaji wanasikia kasoro papo hapo. Kwa hivyo mzee anaweka sharti moja: "Maneno ya Awrala mwenyewe msiyaguse, wajukuu zangu. Mengine ni yenu. Lakini mkibadilisha mwisho, nionyesheni ni wapi hadithi iligeuka."

Hapo ndipo kazi ilipo. Ukisema tu "wakaoana wakaishi raha mustarehe", hujabadilisha chochote, umebandika kiraka. Harusi ya lazima bado iko pale pale, na sababu yake iko pale pale. Ni lazima urudi nyuma hadi pale ambapo jambo lingeweza kwenda njia nyingine.

Mvulana wa kwanza anarudi hadi kwenye barua. "Awrala asiandike! Amtume mchunga ngamia. Amfundishe shairi, alibebe kichwani, akamghanie Alimah."

Si wazo baya. Katika jamii iliyozoea kuhifadhi mashairi, shairi linaweza kusafiri mbali bila karatasi. Lakini mzee anauliza, "Na huyo mchunga ngamia hana mdomo? Kila kisima atakachopita, si ataombwa aghani?" Watoto wanacheka, kisha wananyamaza. Wamegundua kitu: tatizo halikuwa karatasi. Tatizo lilikuwa mtu wa tatu.

Wa pili anasema Alimah aifiche barua kifuani, ajifunze kusoma mwenyewe, na asiionyeshe kwa mtu hata siku moja. Hili linawapendeza wengi, na ndilo lililo karibu zaidi na nia ya Cawl. Mwaka ule ule riwaya ilipotoka, serikali ya Somalia ilifunga shule za sekondari na kuwatuma wanafunzi na walimu vijijini wakawafundishe wafugaji kusoma na kuandika. Kitabu na kampeni vilisema neno moja.

Lakini mzee anahesabu kwa vidole. Alimah ataanza na herufi. Atamaliza lini? Na nani amfundishe, enzi zile za vita? Wakati yeye anaunganisha silabi, kwa kina Awrala ngamia wa mahari wanahesabiwa. Atasoma barua yote, ndiyo, lakini ataisoma harusi ikiwa imekwisha. Mwisho huu ni mzuri ila unachelewa.

Kisha yule msichana aliyepiga kelele mwanzo anarudi. "Kuna mtoto," anasema. "Kwenye kambi ya Alimah kuna mtoto aliyesoma. Barua apewe yeye."

"Mtoto gani? Kwenye kitabu hayuko."

"Ndiyo maana mambo yaliharibika, awowe. Tumweke."

Mzee anakubali, lakini anambana. Mtoto ataulizwa na watu wazima: barua inasema nini? Ataahidiwa maziwa ya ngamia. Atatishwa kwa fimbo. Atafanya nini? Msichana anafikiri. Anasema mtoto atamsomea Alimah sikioni, mara moja tu, kisha akiulizwa atajibu, "Muulizeni mwenye barua." Usiku huo huo Alimah anaondoka, na anafika kabla ya harusi.

Ona kilichotokea. Shairi halijaguswa. Jahazi, barua na kutojua kwa Alimah vimebaki. Kilichobadilika ni msomaji mmoja tu, na mwisho mzima umegeuka. Watoto wameona kitu ambacho jina la riwaya halikitaji: hata yule msomaji wa Cawl alijua kusoma. Elimu anayo, lakini siri ilivuja. Kutojua ni adui wa mapenzi, sawa, ila anayejua asiyefunga mdomo naye ni adui.

Mzee anajifunga shuka vizuri, anawatazama. "Haya. Kesho nitasimulia hivyo hivyo mlivyosema. Lakini nitataja majina. Nitasema sehemu ya kwanza ni ya Cawl, na shairi ni la Awrala. Mwisho ni wa watoto wa Masalani."

Kisha anatoa simu mfukoni. Imelia tangu magharibi. Anamnyooshea yule msichana.

"Nisomee," anasema. "Sikioni."