Boriti ya Gundi Chini ya Theluji

Nchini Marekani, boriti ya mbao za Daglasi zilizounganishwa kwa gundi, daraja la 24F, huanza na mkazo wa kupinda unaoruhusiwa wa MPa 16.5. Tuseme inabeba paa lenye theluji: urefu mita 12.2, kimo milimita 610, upana 130. Theluji huhesabiwa kukaa miezi miwili tu, na mbao huvumilia zaidi mzigo usiodumu, hivyo tunazidisha kwa 1.15. Lakini boriti kubwa ina nafasi kubwa ya kuficha kasoro. Ukubwa huu unadai 0.875. Tunapata MPa 16.6.

Ukingo wa juu usiposhikiliwa, boriti huweza kuyumba na kujipinda kando. Kigezo cha hilo kikiwa 0.80, hicho ndicho kinachukua nafasi ya 0.875, na mkazo unashuka hadi MPa 15.2. Usivizidishe vyote viwili. Hutumika kilicho kidogo.