Kazi ya Usiku Inapokutwa na Asubuhi

Saa 2 asubuhi duka la jumla la dawa limefunguliwa, foleni ina watu sita, na keshia anabonyeza kitufe cha kutoa risiti. Kioo hakibadiliki. Anasubiri, anabonyeza tena, kisha anampigia simu fundi: “Kaka, mashine imeganda tena.” Ikifika saa 3 na nusu mambo yanakwenda vizuri, na fundi anapofika saa 4 haoni kosa lolote. Kesho yake hali ni ile ile.

Ugonjwa wa namna hii, unaokuja na kuondoka kwa saa zake, mara nyingi hauko kwenye mashine ya keshia. Uko kwenye seva, katika kazi iliyopangwa ifanyike watu wakiwa wamelala, na ambayo kumepambazuka bado haijaisha.

Duka hili ni la mfano, ila yanayolipata ni ya kawaida. Lina matawi Dar es Salaam, Morogoro na Mwanza, na kaunta zote zinaandika mauzo kwenye hifadhidata moja ya PostgreSQL iliyoko kwenye seva ya kukodi. Idara ya uhasibu ina mfumo wake, tovuti ya oda ina wake, na makao makuu yana hifadhidata nyingine ya ripoti. Ili mifumo hiyo iwe na taarifa zinazofanana, kuna programu inayosoma data kutoka hifadhidata kuu na kuipeleka kwingine, na wakati mwingine kuleta bei mpya kutoka huko. Mafundi huita kazi hiyo kusinki. Hapa tuseme kulandanisha.

Wengi hudhani kusoma hakumdhuru mtu. Kwa upande mmoja wako sahihi: katika PostgreSQL anayesoma hamzuii anayeandika, kwa hiyo fundi akitafuta kufuli linalomzuia keshia huenda asilione. Lakini wote wawili wanatumia diski moja, na diski ya kukodi ina kiwango chake. Chukua diski za Amazon za aina ya gp2, ambazo bado ziko kwenye seva nyingi za zamani. Diski ya gigabaiti 100 ina haki ya kusoma au kuandika mara 300 kwa sekunde. Juu ya hapo inapewa akiba ya mara milioni 5.4, inayoiruhusu kwenda hadi mara 3,000 kwa sekunde. Ni kama tenki la maji juu ya paa: bomba linaloingiza ni jembamba, la kutolea ni nene, na tenki likiisha mnabaki na kile kinachoingia. Akiba ikitumika kwa kasi ya juu kabisa, inaisha kwa dakika kama 33. Kuijaza upya diski ikiwa imetulia huchukua saa tano.

Sasa piga hesabu ya duka letu. Mwanzoni ulandanishi wa kunakili kila kitu ulihitaji kusoma diski mara milioni 6, na akiba ilitosha: dakika 33, kazi imekwisha. Biashara ikakua, kazi ikafika mara milioni 9, yaani ongezeko la nusu tu. Lakini zile milioni 3 za ziada zinasomwa kwa kasi ya 300 kwa sekunde, na hizo peke yake ni sekunde 10,000, karibu saa mbili na dakika 47. Jumla sasa ni saa tatu na dakika 20. Ndiyo maana mtu anaapa kuwa data haijaongezeka sana na bado kazi imekuwa ndefu mara sita. Anasema kweli. Na hata kazi ikiisha, keshia anafungua siku na tenki tupu, kwa hiyo uzito unaendelea hadi akiba ianze kurudi.

Saa tatu na dakika 20 si tatizo kama kazi inaanza saa 8 usiku, kwa kuwa ingeisha muda mrefu kabla ya duka kufunguliwa. Fundi ana hakika kwamba inaanza saa 8, maana kwenye ratiba ameandika hivi:

```
0 2 * * * /opt/duka/landanisha.sh
```

Mstari huo unasema saa mbili kwa saa ya kimataifa, ambayo kwetu ni saa 8 usiku. Tatizo ni kwamba seva za kukodi kwa kawaida hufuata saa ya UTC, na Afrika Mashariki iko mbele yake kwa saa tatu. Kwa hiyo kazi inaanza saa 11 alfajiri. Kipindi kile ilipochukua dakika 33 iliisha kabla ya saa 12 na hakuna aliyejua. Leo inaisha saa 2 na dakika 20 asubuhi, mbele ya wale watu sita. Kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza, likisubiri kazi irefuke. Kulibaini ni rahisi: andika `date` kwenye seva, ulinganishe na saa ya mkononi.

Kurekebisha saa peke yake ni nusu ya dawa. Kabla ya kuchagua dirisha jipya inafaa kuiuliza hifadhidata yenyewe watu wanaitumia lini, badala ya kumuuliza meneja, ambaye atajibu kwa saa za kufungua na kufunga duka. Ikiwa kila mauzo yana muda wake, swali ni fupi:

```sql
SELECT extract(hour FROM muda
         AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam') AS saa,
       count(*)
FROM mauzo
WHERE muda >= now() - interval '35 days'
GROUP BY 1 ORDER BY 1;
```

Siku 35 zina sababu: lazima ziguse angalau mwisho mmoja wa mwezi, ambapo wahasibu hukesha wakifunga hesabu. Jibu mara nyingi hushangaza. Kaunta zinalala saa 1 jioni, lakini oda za tovuti zinaendelea mpaka saa 5 usiku, kwa sababu wenye maduka madogo huagiza mzigo wakishafunga. Ramadhani mambo hugeuka tena: oda huingia baada ya tarawehe, na nyingine wakati wa daku. Kwa kuwa mwezi huo husogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, grafu ya mwaka jana haiwezi kukuambia wiki gani ya mwaka huu usiku utachangamka.

Mauzo hayaonyeshi kila kitu. Usiku una wafanyakazi wake wasiokata risiti, na karibu wote wamepangwa saa 6 kamili usiku, kwa kuwa ndiyo saa inayomjia mtu kwanza. Kwenye seva yetu `crontab -l` inaonyesha bekapu ya `pg_dump` na ripoti ya kufunga siku, zote zikianza pamoja saa 6 usiku kwa saa ya kwetu. Bekapu huisha kwa dakika 50 usiku wa kawaida. Ulandanishi basi usianze dakika ya 51, maana bekapu nayo ina usiku wake mbaya. Saa 7 na nusu ni mahali pazuri, na dakika ya 30 inaepuka msongamano wa saa kamili.

Hapo wengi huishia, na kwa maoni yangu ndipo wanapokosea. Kuandika saa ya kuanza si kuchagua dirisha. Dirisha lina upande wa pili, na huo ndio unaomlinda keshia. Rekodi muda ambao kazi inachukua kila usiku kwa mwezi mzima, kisha tazama usiku mrefu kuliko wote, wala si wastani. Ukiwa ni dakika 70, ipe kazi dakika 100 na uizuie isizidi hapo:

```
30 22 * * * flock -n /tmp/landa.lock timeout 100m /opt/duka/landanisha.sh
```

Saa 22:30 ya UTC ni saa 7 na nusu usiku kwetu. `timeout` inaikata kazi ifikapo saa 9 na dakika 10, na `flock -n` inazuia ya leo isianze ikiwa ya jana bado inazunguka. Pakibaki karibu saa tano hadi kufungua duka, tenki lina nafasi ya kujaa.

Lakini kazi ya saa tatu na dakika 20 haiingii kwenye dakika 100, na kuikata katikati kuna maana pale tu inapoweza kuendelea kesho kutoka ilipoishia. Hapa programu yenyewe inabadilika: badala ya kunakili kila kitu, inachukua mistari iliyobadilika tangu mara ya mwisho, kwa kufuata safu ya muda wa mabadiliko iliyowekewa faharasa. Irudi nyuma dakika kumi kabla ya alama ya mwisho, kwa sababu muamala ulioanza mapema unaweza kuthibitishwa baada ya ulandanishi kupita, ukaachwa milele. Kwa njia hii kazi ya usiku inashuka hadi dakika chache. Inakuwa nyepesi kiasi kwamba idadi ya dawa ghalani inaweza kupelekwa kwenye tovuti hata mchana, kila robo saa, na mteja haagizi kilichokwisha asubuhi.

Upande wa kuandika una hatari yake, na huu ndio unaoleta makufuli. Bei mpya za dawa 12,000 zikiingizwa kwa muamala mmoja, mstari wa kwanza unabaki umefungwa mpaka wa mwisho ukamilike. Keshia akihitaji kupunguza idadi ya dawa hiyo hiyo, anasubiri. Zigawe mia tano mia tano, kila fungu lithibitishwe kabla ya lingine. Mbaya zaidi ni programu inayofuta jedwali zima kwa `TRUNCATE` na kulijaza upya ndani ya muamala mmoja, kwani kufuli lake linamzuia hata anayetaka kusoma tu. Keshia akilalamika, `pg_stat_activity` inakuambia ni lipi kati ya hayo: anayesubiri kufuli huandikiwa `Lock` kwenye safu ya `wait_event_type`, na anayesubiri diski huandikiwa `IO`.

Kunakili kila kitu hakuachwi kabisa. Mara moja kwa wiki inabidi kulinganisha pande zote mbili, kwa sababu mstari uliofutwa hauachi muda wa mabadiliko, na njia ya mabadiliko pekee haiwezi kuuona. Duka letu halifunguliwi Jumapili, kwa hiyo kazi hiyo ndefu imewekwa saa 7 na nusu usiku wa kuamkia siku hiyo. Kwenye ratiba ya seva siku hiyo inaandikwa Jumamosi, maana saa 22:30 ya UTC bado ni jana. Ukiandika Jumapili, kazi ya saa tatu na dakika 20 itaangukia usiku wa kuamkia Jumatatu, na ikichelewa sana itakutana na foleni ndefu kuliko zote za wiki.