Vipele vya mkononi visivyoondoka kwa dodoki

Kuna vipele vidogo vigumu vinavyoota nyuma ya mkono, kati ya bega na kiwiko, na mbele ya mapaja. Haviumi wala havina usaha, lakini ukipitisha kiganja unahisi ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Wengi hudhani ni uchafu, wakavisugua kwa dodoki mpaka ngozi inawaka. Kwenye ngozi nyeusi kusugua huko huacha madoa meusi yanayokaa miezi, na vipele vyenyewe viko palepale.

Si uchafu na si ugonjwa wa kuambukiza. Ngozi hutengeneza keratini, ile protini ngumu ya kucha na nywele. Kwa watu hawa keratini huzidi kwenye tundu la unyweleo, ikajikusanya na kuziba mlango kama kizibo. Wakati mwingine unyweleo hujikunja ndani kwa kukosa pa kutokea. Hali hii hurithiwa, huwapata zaidi wenye ngozi kavu, na mara nyingi hupungua kadiri umri unavyosonga.

Kizibo hicho hulainishwa, hakikwanguliwi. Hapo ndipo yurea na asidi ya laktiki zinapofaa. Yurea huvuta maji na kuyashikilia kwenye ngozi. Ikifika asilimia 10 na kuendelea huanza pia kulegeza keratini. Asidi ya laktiki hulegeza kinachozishikanisha seli zilizokufa, zikabanduka zenyewe. Kwa hiyo soma lebo kabla ya kulipa: losheni yenye yurea asilimia 3 italainisha ngozi tu. Tafuta yurea ya asilimia 10 hadi 20, au asidi ya laktiki ya asilimia 5 hadi 12. Ile yurea ya asilimia 40 ni ya visigino vilivyopasuka, isiende mkononi.

Tuseme binti anaanza leo. Anaoga maji ya uvuguvugu, anajikausha kwa kugusagusa taulo, kisha anapaka losheni ngozi ikiwa bado na unyevu. Wiki ya kwanza anapaka usiku mmoja na kuacha mmoja. Kuchonyota kidogo kwa dakika chache ni kawaida. Kukiendelea, au ngozi ikiwa nyekundu na kuwasha, apunguze. Asipake siku aliyonyoa wala penye mchubuko. Ngozi ikizoea, anapaka kila siku. Kwa kuwa asidi hii huifanya ngozi iungue jua upesi, mchana afunike mikono au apake kinga ya jua.

Mkwaruzo hupungua kwanza, pengine baada ya wiki 4 hadi 6. Madoa huchelewa zaidi, na hapa ndipo wengi hukimbilia mkorogo. Tafadhali usiuguse: steroidi zilizofichwa humo hukondesha ngozi na kuleta chunusi mpya.

Vipele vikiwa na usaha, vikiuma au vikiwasha sana, muone daktari wa ngozi, maana huenda ni maambukizi ya vinyweleo. Vikilainika, endelea kupaka mara 2 au 3 kwa wiki. Ukiacha kabisa, keratini itaziba tena.