Mradi Mdogo Si Lazima Uwe Mwepesi

Mtahiniwa wa PMP, cheti cha usimamizi wa miradi kinachotolewa na taasisi ya PMI ya Marekani, akisoma swali lenye mradi wa watu wanne na miezi mitatu, macho yake hukimbilia jibu linalopunguza makaratasi. Mara nyingi hupatia. Mara nyingine ndipo anaponaswa.

Toleo la 6 la mwongozo wa PMI, la mwaka 2017, lilipanga kazi ya msimamizi katika michakato 49. Toleo la 7, la 2021, likaja na nyanja 8 za utendaji: wadau, timu, mbinu ya kuendeleza kazi, upangaji, kazi za mradi, utoaji wa matokeo, upimaji na hali zisizotabirika. Nyanja hizi hazipangwi foleni. Zote huenda pamoja tangu mradi uanze hadi uishe. Kinachobaki kuamuliwa ni kila moja ipewe uzito gani.

Tuchukue swali la mfano. Timu ya watu wanne inatengeneza mfumo wa wafanyakazi kuombea likizo. Kwa taratibu za kampuni, kila badiliko sharti lipite kwenye kamati inayokutana mara moja kwa mwezi, na kazi imekwama ikisubiri kikao. Msimamizi afanye nini kwanza? Aipuuze kamati? Avumilie? Aombe muda zaidi? Au akae na ofisi inayosimamia miradi wakubaliane kwamba mabadiliko madogo yaamuliwe na timu, na kamati ipelekewe yale tu yanayogusa bajeti au tarehe ya mwisho?

Jibu ni hilo la mwisho. Utaratibu unalegezwa, lakini kwa makubaliano na wenye mamlaka. Anayeipuuza kamati hajarekebisha chochote. Amevunja utaratibu tu.

Sasa tubadilishe jambo moja. Watu ni walewale wanne, miezi ileile mitatu, ila programu yao itapima dozi ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani. Ukubwa haujasogea hata kidogo, lakini kosa moja laweza kuua. Hapa msimamizi huongeza: ukaguzi wa mtu asiye wa timu, majaribio yanayoandikwa moja baada ya jingine, idhini kabla ya kila badiliko. Upimaji na hali zisizotabirika hubeba uzito mkubwa, ingawa wadau wenyewe huenda wakawa wachache. Mtahiniwa aliyehesabu watu na miezi peke yake atachagua vibaya.

Mwongozo hauishii kwenye uamuzi wa mwanzo. Kwanza huchaguliwa mbinu ya kazi, kisha hurekebishwa kulingana na shirika, halafu kulingana na mradi wenyewe, na marekebisho huendelea njiani. Ndiyo maana swali laweza kuanzia katikati ya mradi: ripoti ya kila wiki haisomwi na mtu, na inamla mtaalamu mmoja siku nzima. Kabla ya kuifuta, msimamizi huwauliza wanaoipokea wanahitaji kujua nini.